Tumekubaliana kugoma Jumatatu. Kabla hatujaweka zana chini naomba mtukague

Zamu ya Usiku

Wakuu, heshima kwenu. Nipo Tanzania Bara, nafanya kazi kwenye kiwanda cha vyombo vya plastiki, jina nitaliacha. Tuko 140 kwa jumla, na ukiwaondoa mameneja tunabaki 118. Mwaka jana 71 kati yetu tulijiunga na chama cha wafanyakazi, tukafungua tawi, na mwajiri akasaini mkataba wa kukitambua chama. Mpaka hapo hatukuwa na tatizo.

Sasa tuna madai matatu. La kwanza, hatujalipwa saa za ziada kwa miezi mitatu. La pili, tumeomba nyongeza ya mshahara ya 15%, tumekaa vikao vinne, mwajiri ameng'ang'ania 4% na kikao cha mwisho alinyanyuka akaondoka. La tatu, mwakilishi wetu wa zamu ya usiku kafukuzwa kazi siku 19 zilizopita. Barua inasema utovu wa nidhamu. Sisi tunajua kosa lake ni kusema ukweli vikaoni.

Jana jioni tulikusanyika nje ya geti, watu zaidi ya 80, tukanyoosha mikono. Hakuna aliyepinga. Jumatatu saa moja asubuhi hakuna mashine itakayowashwa. Kamati ya tawi imeandika barua yenye madai yote matatu na meneja ataipokea Jumamosi saa sita mchana. Kijana mmoja anayesoma sheria anasema kinachotakiwa ni notisi ya saa 48 tu, kwa hiyo tuko ndani ya sheria. Ni kweli?

Chuma Chakavu

Mkuu, komaeni. Haki ya kugoma imeandikwa kwenye Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, siyo hisani ya mwajiri. Notisi ya saa 48 ni kweli ipo. Na mgomo ukiwa halali hawezi kumfukuza mtu kwa sababu ya kugoma. Akifukuza watu 80 atawasha mashine na nani?

Mkono wa Saa

Nimehesabu tu. Jumamosi saa sita mchana mpaka Jumatatu saa moja asubuhi ni saa 43. Hata hizo 48 hamjafikisha.

Bi Tawi

Mwanangu Zamu ya Usiku, nimekuwa katibu wa tawi miaka tisa. Naomba msigome Jumatatu. Madai yenu nayaona ni ya kweli, ila mmeyafunga yote kwenye fungu moja, na sheria haiyaoni kuwa kitu kimoja.

Chuma Chakavu amesema kweli kwamba mgomo halali una kinga. Lakini neno linalobeba mzigo hapo ni "halali". Sheria inaruhusu mgomo kwenye mgogoro wa maslahi peke yake. Migogoro mingine yote inaitwa malalamiko, na malalamiko hayagomewi, yanapelekwa yakasikilizwe na kuamuliwa.

Kuyatofautisha, mimi huwa nawaambia wanachama wangu wajiulize hivi: nikisimama mbele ya mwamuzi, kuna karatasi anayoweza kuifungua ikampa jibu? Chukua saa za ziada. Sheria inasema saa ya ziada inalipwa mara moja na nusu ya saa ya kawaida. Ataangalia mahudhurio yenu, ataangalia hati za mishahara, atapiga hesabu, amemaliza. Hiyo pesa ni yenu tayari, mmecheleweshewa tu. Ni malalamiko. Mwenzenu aliyefukuzwa ni vilevile, maana sheria inasema mtu anaachishwa kwa sababu ya haki na kwa utaratibu wa haki, na ni mwajiri anayetakiwa kuthibitisha hivyo. Nalo ni lalamiko.

Sasa njoo kwenye 15%. Mwamuzi afungue karatasi gani? Hakuna sheria inayosema kiwanda chenu kilipe 15% badala ya 4%. Hapo mnaomba kitu ambacho bado si chenu, na ndiyo maana wabunge waliwaachia nguvu ya kuacha kazi, kwa sababu hakuna mwingine wa kuwaamulia.

Kwa hiyo katika madai matatu mnaweza kugomea moja tu.

Zamu ya Usiku

Bi Tawi shikamoo. Umenivunja nguvu kidogo. Yaani yale yaliyotuuma zaidi ndiyo hatuwezi kuyagomea? Nyongeza watu wangeweza kuisubiri. Waliokusanyika getini walikuja kwa ajili ya mwenzetu na kwa ajili ya saa za ziada.

Bi Tawi

Marahaba mwanangu. Ndivyo ilivyo, na najua inauma. Kila tawi nililowahi kulisaidia lilikwama hapo hapo.

Lakini yasikilize haya kwa haraka, maana muda unawakimbia. Lalamiko la kuachishwa kazi linapelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30. Mwenzenu ametumia 19, zimebaki 11. Mkigoma wiki nzima, kisha mkaanza kuhangaika na kesi ya mgomo, siku zake zitapita mmesimama getini kwa ajili yake. Ajaze fomu ya Tume, CMA F.1, asaini mwenyewe. Nakala moja ampelekee mwajiri kwanza, achukue ushahidi kwamba imepokelewa, ndipo aiwasilishe Tume pamoja na ushahidi huo. Chama kinaweza kusimama naye kwenye kikao.

Saa za ziada zina siku 60 tangu mgogoro ulipoanza. Miezi miwili ya karibuni inaweza kuwa ndani. Ule wa kwanza mwajiri atasema umepitwa, kwa hiyo mwombe kuongezewa muda kwa fomu F.2 na mweleze sababu ya kuchelewa. Kama mna barua au ujumbe ambapo aliahidi "tutalipa mwezi ujao", ziwekeni pamoja, hizo ndizo sababu zenyewe.

Chuma Chakavu

Dada, hizo fomu zinachukua miezi. Njia nzuri ni mgomo baridi. Watu waingie kazini, wawashe mashine, wafanye kazi nusu. Hakuna aliyegoma, hakuna notisi, na mwajiri ataita kikao mwenyewe.

Nyuma ya Dawati

Naomba kuingia hapa. Mimi niko upande wa pili, ni afisa rasilimali watu, kiwanda kingine. Nasema hivi kwa nia njema kabisa.

Mgomo baridi ni mgomo. Tafsiri ya mgomo kwenye sheria inajumuisha kusimamisha kazi kwa sehemu, ilimradi lengo ni kumshinikiza mwajiri. Ukipunguza mwendo wa mashine ili nikubali dai lako, umegoma, na umegoma bila hatua hata moja. Kwetu sisi hiyo ni rahisi kuliko mgomo wa wazi, kwa sababu namba za uzalishaji za kila mtu ziko kwenye karatasi. Naita mmoja mmoja.

Niwaambie na Jumatatu yenu itakavyokwenda. Barua yenu itafika kwa wakili wa kampuni Jumamosi jioni. Ataona madai matatu, mawili ni malalamiko. Atauliza kama mgogoro wa nyongeza ulipelekwa Tume. Akisikia haukupelekwa, ataandaa maombi Mahakama Kuu, Divisheni ya Kazi, ya kuzuia mgomo, na anaweza kuomba fidia pia. Kwa kawaida Mahakama inataka mtoe majibu, inataka mpewe notisi ya saa 48 ya hayo maombi, ila hali ikiwa ya dharura inaweza kuwa pungufu. Wakati huo huo mimi nitaandika tangazo linalotaka watu warudi kazini kufikia saa fulani, nitalipeleka kwa chama, nitalibandika. Wasiorudi nitawafungulia shauri la nidhamu. Siyo kwamba kila aliyegoma kinyume cha utaratibu anafukuzwa hapo hapo. Inatakiwa kuangaliwa ukubwa wa kosa, kama walijaribu kufuata taratibu, na kama mwajiri mwenyewe ndiye aliyewachokoza. Kutowalipa saa za ziada kungewasaidia kidogo kwenye hilo la mwisho. Lakini mngekuwa mmeingia kwenye vita ya kujitetea wakati mlikuwa mnadai.

Walimu walipogoma 2012 suala liliishia mbele ya Divisheni hiyo hiyo ya Kazi, ikaamuru mgomo usitishwe. Hiyo ilikuwa nchi nzima. Kiwanda kimoja ni kazi ndogo zaidi kwa wakili.

Maabara ya Usiku

Na mimi naomba msaada. Niko hospitali binafsi, msaidizi wa maabara. Mwajiri anagoma kupandisha mishahara mwaka wa pili. Nilichosoma hapa kinamaanisha tuna mgogoro wa maslahi, kwa hiyo tukienda Tume, tukakaa siku zinazotakiwa, tunagoma?

Bi Tawi

Hapana ndugu yangu, kwako kuna geti lingine. Huduma za afya na maabara zinazohusiana nazo ziko kwenye orodha ya huduma muhimu, pamoja na maji na usafi wa mazingira, umeme, zimamoto, uongozaji wa ndege na mawasiliano yake, na usafiri unaohitajika ili huduma hizo zitolewe. Aliye humo hagomi, isipokuwa kama kuna mkataba wa pamoja unaoweka kiwango cha chini cha huduma wakati wa mgomo na Kamati ya Huduma Muhimu imeuidhinisha. Kama hamna mkataba huo, sheria inawapa njia ambayo kiwanda hakina: mgogoro wenu wa maslahi usuluhishi ukishindikana unaweza kwenda kwa mwamuzi, naye akaamua kiwango. Hamwachwi mikono mitupu.

Pwani Kaskazini

Mimi ni Mkenya. Huku kwetu sheria ya mahusiano ya kazi ya 2007 inadai notisi ya siku saba, si saa 48. Na kutambuliwa kwa chama ni wingi wa kawaida tu wa wafanyakazi. Kwa hivyo huyo ndugu akipeana notisi ya siku saba atakuwa sawa kabisa, mahakama haiwezi kumgusa.

Mkono wa Saa

Ndugu wa Pwani, siku saba zingemsaidia kwenye saa tu. Kinachomkwamisha siyo urefu wa notisi, ni kwamba mgogoro haujapita kwa msuluhishi. Hata kwenu naamini notisi inatolewa baada ya upatanishi kushindikana, siyo badala yake.

Pwani Kaskazini

Hiyo ni kweli, inaanza kwa kupatanishwa. Nilisoma swali kwa haraka.

Zamu ya Usiku

Nimekaa na kamati usiku huu. Barua ya Jumamosi tumeisimamisha. Kulikuwa na kelele, wengine wamesema nimenunuliwa. Lakini nimewasomea hapa na wengi wameelewa.

Bi Tawi, kwenye hiyo nyongeza ya 15%, tukitaka kugoma kihalali tunaanzia wapi hasa?

Bi Tawi

Hongera kwa kusimama mbele ya watu wako, najua si kazi nyepesi.

Anzeni kwa kumwambia katibu wa chama ngazi ya juu, maana chama ndicho kinachotambuliwa, tawi ni mkono wake. Halafu chama kijaze F.1 ya mgogoro wa maslahi, na ndani yake muandike nyongeza ya mshahara peke yake. Msichanganye na saa za ziada, hata kama moyo unawatuma. Yale mawili yawe na fomu zake.

Tume itamteua msuluhishi. Huyo hana mamlaka ya kuwaamulia, kazi yake ni kuwasogeza. Ana siku 30, isipokuwa nyinyi na mwajiri mkikubaliana kwa maandishi kuongeza. Na hapa kuna jambo watu wanalipuuza. Upande wenu usipotokea kwenye kikao, msuluhishi anaweza kuongeza siku 30 nyingine. Mwajiri asipotokea, anaweza kufupisha muda. Nimeona tawi likipoteza mwezi mzima kwa sababu mwenyekiti alikuwa msibani na hakumtuma mtu.

Zikiisha bila muafaka, ndipo kura. Kura ipigwe kama katiba ya chama chenu inavyosema. Isome, usikisie. Ile ya kunyoosha mikono getini naiweka pembeni kabisa, maana hatujui nani alikuwa mwanachama na nani alikuwa mpita njia. Sheria inataka wengi wa waliopiga kura wakubali, siyo wengi wa wafanyakazi wote. Kisha notisi ya saa 48 kwa mwajiri, nakala isainiwe pamoja na saa ya kupokelewa.

Na siku ya mgomo wenyewe, kaeni mbali na geti. Sheria yetu inakataza kulizingira eneo la kazi ili kuwazuia wengine, kumfungia mwajiri ndani, au kumzuia kuingia. Mwajiri naye amekatazwa kuleta watu wa kuziba nafasi zenu kwenye mgomo halali. Mshahara wa siku za mgomo halipi. Waambieni watu hilo mapema kabla ya kura, wasije wakalijua mwisho wa mwezi.

Nyuma ya Dawati

Niongeze kitu kimoja ambacho wengi wa upande wenu hawakitumii. Chama kilichotambuliwa kina haki ya kupewa taarifa zinazohusika ili kijadiliane ipasavyo. Mwajiri akisema "uwezo wangu ni 4%", mwombeni kwa maandishi aonyeshe hiyo 4% imetoka wapi. Akikataa, mnaonyesha msuluhishi barua yenu na ukimya wake. Akitoa, pengine mtagundua 15% haiwezekani ila 8% inawezekana. Vikao vinne vya kutajiana asilimia bila karatasi mezani vinachosha pande zote.

Halafu swali. Mkataba mliosaini mwaka jana unasema nini kuhusu majadiliano ya mishahara yakikwama? Mimi ningekuwa wakili wa mwajiri wenu ningeanzia hapo.

Mgeni wa Kazi

Samahani kwa kuingilia. Sisi hatuna chama kabisa. Tuko 23 kwenye kampuni ya kufungasha mizigo. Nimesoma kwamba watu 20 wanatosha kuunda chama. Tuunde chetu ili tusiwape ada watu wa mbali?

Bi Tawi

Inawezekana. Mkutano wa kuanzisha uwe na wafanyakazi wasiopungua 20, mpitishe katiba, mchague jina, muwe na anwani, na chama kisiwe chini ya mwajiri yeyote. Mnaomba usajili kwa Msajili ndani ya miezi sita, mkiambatanisha orodha ya mahudhurio, muhtasari wa mkutano na katiba, nakala zilizothibitishwa. Lakini nikuulize: kati ya 23, mkitoka wanne mkutano haujatimia. Na siku ya usuluhishi nani atawasimamia? Kujiunga na chama kilichopo ni rahisi zaidi. Wakifika wanachama kumi mahali pa kazi chama kinaweza kufungua tawi. Kila mmoja anajaza TUF 6 ya kuruhusu makato ya ada, na mwajiri anatakiwa kuipeleka ada hiyo kwa chama ndani ya siku saba baada ya mwezi kuisha.

Mkishakuwa wengi, na kwenu wengi ni 12 ikiwa wote 23 si mameneja, chama kinampa mwajiri notisi ya kutaka kutambuliwa. Ana siku 30 za kukutana nanyi. Akikaa kimya mnakwenda Tume, na ikishindikana huko, Mahakama ya Kazi.

Mgeni wa Kazi

Nashukuru mama. Kumi tunafika. Kumi na mbili sina uhakika, wengine wanaogopa.

Zamu ya Usiku

Nimeutafuta mkataba. Nimeukuta, kipengele kinasomeka hivi: "Iwapo majadiliano ya mishahara yatakwama, suala hilo litapelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi kwa ajili ya kupatiwa ufumbuzi wa mwisho." Hii ni nzuri au mbaya?

Nyuma ya Dawati

Kwa upande wetu ningesema imewafunga. Sheria inasema asigome mtu aliyefungwa na makubaliano yanayotaka suala husika lipelekwe kwa mwamuzi. "Ufumbuzi wa mwisho" hautolewi na msuluhishi, maana msuluhishi haamui. Kwa hiyo mlikubali mwamuzi aamue nyongeza.

Bi Tawi

Hapo sikubaliani na wewe ndugu. Neno "uamuzi" kwenye kipengele hicho lipo kwa sababu ni jina la Tume. Hakuna mahali pameandikwa kwamba mwamuzi atasikiliza na kauli yake itawafunga. Muafaka uliosainiwa kwa msuluhishi nao ni ufumbuzi wa mwisho. Haki ya kugoma haiwezi kuondolewa kwa kipengele cha kubahatisha.

Mkono wa Saa

Wote wawili mna hoja, na hilo linanitisha. Nani aliandika kipengele hiki?

Zamu ya Usiku

Kililetwa na mwajiri. Sisi tulikuwa na furaha ya kutambuliwa, tukasaini. Nilikuwa mmoja wa waliosaini na nilikisoma haraka haraka.

Bi Tawi

Usijilaumu, wengi tumesaini hivyo. Fanyeni hivi. Usuluhishi mnauhitaji kwa vyovyote, kwa hiyo F.1 iende. Kwenye kikao cha kwanza chama kiulize wazi, mbele ya msuluhishi, kama mwajiri anadai kipengele kile ni cha uamuzi, na jibu liandikwe. Akisema ndiyo, basi atakuwa amekubali mwamuzi aangalie nyongeza yenu, na hata hilo si hasara, mtapeleka hesabu zenu huko. Akisema siyo, hawezi kulifufua mgomo ukikaribia. Na kabla ya kura, mwanasheria wa chama akisome. Mimi nina uzoefu, lakini si hakimu.

Zamu ya Usiku

Narudi baada ya wiki tatu na nusu, nimeona wengi mmeniuliza kwenye ujumbe.

Mwenzetu aliwasilisha fomu siku ya 22. Usuluhishi wake umeshindikana, mwajiri hakutaka hata kusikia habari ya kumrudisha, sasa anakwenda kwa mwamuzi. Chama kimempa mtu wa kusimama naye.

Saa za ziada, mwajiri alilipa miezi miwili kabla ya kikao kufika. Mwezi wa kwanza anasema umepitwa na muda. Tulikuwa na ujumbe wa meneja wa uzalishaji akiahidi kulipa, tumeuambatanisha kwenye F.2, tunasubiri.

Nyongeza imefika 7% kwa mwajiri, sisi tumeshuka mpaka 11%. Hesabu za kampuni alizileta baada ya barua ya pili. Siku ya 30 ni Alhamisi. Kura ya siri imepangwa jioni hiyo hiyo, kwa sanduku, na orodha ya wanachama 71 iko mezani kwa chama, si kwetu.

Kipengele kile mwanasheria wa chama anasema hakitufungi. Kwenye kikao wakili wa mwajiri aliulizwa, akajibu kwamba "anahifadhi haki zake". Msuluhishi akayaandika maneno hayo hayo.

Nyuma ya Dawati

Akisema hivyo jueni atakwenda mahakamani Ijumaa. Ningefanya vivyo hivyo.

Bi Tawi

Basi kura ikipita, notisi isiwe ya saa 48 kamili, iwe ya siku nne au tano. Mahakama ipate nafasi ya kuwasikiliza kabla mashine hazijazimwa, siyo baada. Na muhtasari wa kikao ambapo wakili alijibu vile, chama kiwe na nakala yake mkononi Alhamisi usiku.

Zamu ya Usiku

Tutaomba nakala kesho asubuhi. Wapo wanaosema siku tano ni kumpa mwajiri muda wa kujaza ghala, na sijui niwajibu nini.